Rilaksa ya lai au bila lai, rangi ya PPD au mbadala wake: uweke zipi kwenye shelfu ya saluni

Nimeandika hii kwa wale wanaofungua saluni au wanaobadilisha stoku na wamekwama, maana ukienda kununua unakuta maboksi yote yameandikwa laini, salama, ya mafuta ya zeituni, bila amonia, na muuzaji anakwambia hii ndo inatoka sana. Inatoka sana haikusaidii kitu siku mteja anarudi na kichwa kina malengelenge. Mi nilianza hivyo hivyo, nikanunua rangi moja nyeusi kwa sababu boksi lilisema bila amonia nikajua basi hii haina shida, mteja akapakwa vizuri akaondoka amefurahi, siku ya pili asubuhi kope zimevimba hadi jicho moja halifunguki. Ndo nikakaa chini nikasoma maandishi madogo nyuma ya boksi kwa mara ya kwanza, na PPD, ile kemikali ya rangi nyeusi inayoleta aleji, ilikuwepo pale wazi kabisa.

Kwa hiyo kabla ya kulinganisha, haya ndo mambo ninayoangalia kwa kila bidhaa, rilaksa na rangi sawasawa. Kwanza kilichomo, yaani kemikali inayofanya kazi, siyo mafuta waliyochora kwenye picha. Pili nguvu, na hapa pia unaangalia dakika zilizoandikwa kwenye karatasi ya ndani. Tatu test, na hasa inapima nini, kwa sababu test ya rangi na test ya rilaksa ni vitu viwili tofauti na saluni nyingi zinavichanganya. Mwisho inamfaa nani, kwa maana ya mteja na pia mikono ya wafanyakazi ulionao.

Hilo la test nilieleze kabisa hapa maana ndo limeniuma. Rangi inaleta aleji. Mwili wa mtu unaikataa dawa, na inaweza kuchukua siku moja hadi tatu kuonekana, ndo maana unapaka kidogo nyuma ya sikio au kwenye kiwiko kwa ndani halafu unasubiri saa 48. Rilaksa yenyewe shida yake kubwa siyo aleji, ni kuunguza. Ni alikali kali, pH yake ni 12 na kuendelea, ikikaa kwenye ngozi ya mtu yeyote muda wa kutosha itamuunguza, awe na aleji asiwe nayo. Sasa nimeshaona msusi anampaka mteja rilaksa nyuma ya sikio anamwambia kaa nayo mpaka kesho kutwa kama ile ya rangi. Hapo hupimi chochote, unamuunguza tu. Test ya rilaksa ni ya unywele, unachukua nywele chache za nyuma, unapaka, unahesabu dakika, unaosha, unakausha, halafu unazivuta uone kama zinakatika. Pamoja na hiyo unakagua ngozi ya kichwa kwa kugawa nywele sehemu nne na kupitia mstari kwa mstari ukitafuta kidonda, mkwaruzo au ukurutu.

Rilaksa ya lai

Kilichomo: kwenye boksi utaona Sodium Hydroxide, NaOH. Inakuja kwenye kopo moja, imeshachanganywa, unachota unapaka. Mizani Butter Blend ya kawaida, siyo ile ya ngozi nyepesi, ni mfano wa rilaksa ya aina hii iliyotengenezwa kwa ajili ya saluni.

Nguvu: zinakuja laini, ya kawaida na kali, wengi tunaita maild, regula na supa. Maild ni ya nywele nyembamba au zilizowahi kupakwa rangi, regula ya nywele za kati, supa ya nywele nene ngumu. Ila hayo majina siyo kipimo cha dunia nzima jamani, regula ya kampuni moja inaweza ikafanya kazi haraka kuliko regula ya nyingine, kwa hiyo ukibadilisha brandi usibebe dakika za zamani, soma karatasi upya na ufanye test ya unywele kama vile ni mteja mpya. Lai inafanya kazi haraka na inaanza kuwasha mapema, inataka mtu anayepaka kwa spidi na anayejua kupaka mafuta ya mgando kichwa kizima kwanza, siyo kuzunguka masikio tu.

Test: ya unywele pamoja na kukagua ngozi, kama nilivyosema. Mteja asiwe ameosha wala kujikuna kichwa siku mbili tatu kabla, na kama katoka kufumua rasta leo usimwekee leo. Akisema inawasha unaosha hapo hapo, hakuna cha vumilia kidogo bado dakika mbili.

Inamfaa nani: saluni yenye vichwa vingi vya kuritachi na msusi mzoefu. Nywele hazibaki na ukavu ule wa chumvi za kalsiamu, na kopo moja linahudumia watu wengi. Lakini kopo likikaa wazi linanyonya hewa na dawa inapungua nguvu polepole, unaanza kuona nywele za mteja yule yule hazinyooki kama mwanzo na wewe unaongeza dakika bila kujua kwa nini. Funika kila unapochota, na andika tarehe uliyofungua juu ya kopo.

Rilaksa ya bila lai

Kilichomo: hapa ndo watu wanadanganyika zaidi. Bila lai haimaanishi bila alikali. Kwenye seti ya boksi kuna krimu yenye Calcium Hydroxide na chupa ndogo ya maji yenye Guanidine Carbonate, ukichanganya ndo inazaliwa guanidini haidroksaidi ambayo ndo inanyoosha. Dark and Lovely na ORS Olive Oil zinazouzwa kwenye boksi ni za namna hii, na Affirm wana za lai na za bila lai zote, kwa hiyo jina la brandi peke yake halikwambii ni ipi. Pia zipo zinazoandikwa bila lai lakini ni kopo moja lenye lithiamu haidroksaidi, hizo ni za haraka kama lai tu, uzichukulie hivyo.

Nguvu: kwa ngozi huwa inachelewa kuwasha ukilinganisha na lai, na hiyo ni faida ya kweli kwa mtu mwenye ngozi nyepesi. Ila pH yake ni ya juu vilevile. Kwa sababu haiwashi mapema, msusi anajisahau na kuiacha, na nywele zinapikwa mteja akiwa ametulia kabisa anaangalia simu. Nimeona vichwa vya bila lai vilivyokatika kuliko vya lai kwa sababu hiyo tu.

Kosa la pili ni la kuchanganya. Seti moja ni ya kichwa kimoja. Ukikadiria nusu krimu na nusu chupa kwa macho, unapata mchanganyiko ambao sehemu moja ni kali na nyingine haifanyi kitu, na hata ukichanganya zote ukikoroga vibaya zinabaki chembe. Kilichobaki kinatupwa, hakiwekwi kikopo kwa ajili ya mteja wa Jumamosi.

Test: sawa na ya lai, unywele na ngozi. Baadhi ya karatasi zinaelekeza dakika tofauti kwa nywele zenye rangi, fuata hizo.

Inamfaa nani: mteja anayewashwa haraka, na saluni ambayo wasusi bado wanajifunza, ilimradi kuna saa ukutani na mtu anaiangalia. Baada ya miezi nywele zinaanza kuwa kavu na butu, hizo ni chumvi za kalsiamu zimeganda, kwa hiyo ukiweka hii kwenye shelfu weka na shampuu ya kuondoa madini, la sivyo mteja atalalamika nywele zimekufa na wewe utafikiri ni dawa mbovu.

Kwa zote mbili nyutralaiza ni lazima, zile shampuu ambazo povu lake linabadilika rangi ni nzuri sana kwa wanaoanza, povu likiwa la pinki alikali bado ipo, unaosha tena mpaka litoke jeupe. Lakini kwanza maji mengi, maana dawa inatolewa na maji, shampuu inamalizia tu. Na usiweke yoyote kati ya hizi kwenye kichwa kilichowahi kuwekwa dawa ya kukunja nywele, yaani ya kali au wevu, yenye thioglaikoleti. Hizo hazipatani kabisa, nywele zinakatika pale pale unapoosha.

Kuna wateja wanauliza habari za saratani, na ni haki yao. Mwaka 2022 utafiti wa Sister Study wa huko Marekani ulionyesha wanawake waliotumia dawa za kunyoosha zaidi ya mara nne kwa mwaka walipata saratani ya mfuko wa uzazi zaidi kuliko wasiotumia, makadirio yalikuwa kama asilimia 4.05 kufikia miaka 70 dhidi ya asilimia 1.64. Utafiti huo haukukusanya majina ya brandi wala kemikali, kwa hiyo hautakusaidia kuchagua kopo la lai au la bila lai. Mi ninachofanya nawaambia ukweli huo na nawaachia nafasi ndefu kati ya ritachi, wiki 8 hadi 12, na anayetaka kuacha simbembelezi abaki.

Rangi ya kudumu yenye PPD

Kilichomo: tafuta p-Phenylenediamine kwenye orodha. Ndiyo inayotoa nyeusi nzuri inayofunika mvi, na ndiyo maana iko kwenye rangi nyingi za giza. Sheria za Ulaya zinaruhusu isizidi asilimia 2 ikishachanganywa na kuwa kichwani, na zinataka boksi lionye kuhusu aleji na kwamba si ya watoto chini ya miaka 16. Bila amonia maana yake ni harufu imepungua tu, wameweka kitu kingine mahali pa amonia, PPD inabaki pale pale. Na zile za unga unaochanganya na maji, kama Bigen ya unga, watu wanasema haina developa, ile krimu ya peroksaidi ya kuchanganyia, kwa hiyo haina kemikali, hapana, kioksidishaji kiko ndani ya unga wenyewe. Lisome boksi lake kama unavyosoma mengine.

Nguvu: rangi nguvu yake iko kwenye developa. Volyumu 10 ni asilimia 3 ya haidrojeni peroksaidi, 20 ni asilimia 6, 30 ni 9 na 40 ni 12. Kama kazi yako ni kutia giza na kufunika mvi, 10 na 20 zinatosha kabisa, 30 na 40 ni za kung'arisha na kwenye nywele zenye rilaksa sitaki hata kuziona.

Test: saa 48 kabla, kila mara, hata kwa mteja wa miaka mitano. Karatasi ya ndani inakwambia upake rangi peke yake au iliyochanganywa, kampuni zinatofautiana, na utumie rangi ile ile utakayompaka siyo ya jirani yake kwenye shelfu. Unapaka kidogo nyuma ya sikio, inakauka, unamwambia asiiguse. Akipata muwasho, wekundu, uvimbe au vipele hata siku ya pili usiku, hapakwi. Kwa nini kila mara? Kwa sababu mtu anaweza kukaa vizuri na PPD miaka halafu mwili ukaanza kuikataa, na mara ya kwanza mwili unapojifunza kuikataa inaweza isionekane kwenye test. Test safi inapunguza hatari, haiifuti.

Swali moja ambalo lazima uulize kabla hata ya test: umewahi kuchorwa hina nyeusi, ile wengine wanaita piko, ikakuwasha au kuacha alama? Nyingi ya hizo nyeusi zina PPD nyingi. Akisema ndiyo, usimfanyie hata test, mpeleke kwa daktari wa ngozi. Yule mteja wangu wa kope, nilipomuuliza baadaye, alikuwa amechorwa mkononi kwenye harusi na mkono ukaota malengelenge. Nisingekuwa nimepaka kama ningeuliza.

Inamfaa nani: mwenye mvi nyingi, anayetaka nyeusi ya kudumu, na anayekubali kuja mara mbili. Asiyekubali kuja mara mbili siyo mteja wa bidhaa hii.

Rangi ya kudumu ya mbadala wa PPD

Kilichomo: zipo zenye Toluene-2,5-Diamine, kwa kifupi PTD, na Wella wana molekuli wanayoiita ME+ kwenye Koleston Perfect, iliyotengenezwa ili kupunguza uwezekano wa mtu kupata aleji mpya. Soma kila tyubu, siyo jina la laini nzima.

Nguvu: developa zile zile, masharti yale yale.

Test: ile ile ya saa 48, na hapa ndo watu wanateleza wanafikiri mbadala maana yake hakuna test. PTD ni ndugu wa karibu wa PPD, na sehemu kubwa ya wenye aleji ya PPD wanaikataa pia. ME+ nayo kuna wanaoikataa, ingawa ni wachache zaidi.

Inamfaa nani: mteja ambaye hajawahi kupata aleji na unataka akae hivyo, hasa anayepaka mara kwa mara. Pia wafanyakazi wako, maana wao ndo wanaigusa kila siku, wavae glavu za nitraili na kila kichwa jozi mpya. Kwa aliyeshapata aleji ya PPD usimpe hii kama suluhisho lako mwenyewe bila daktari.

Rangi zisizo na developa, na hina

Kilichomo: rangi zinazokaa juu ya unywele bila kuchanganywa na kitu, na hina safi ya majani ambayo inatoa wekundu wa kahawia tu. Hina inayotoa nyeusi mara moja si hina peke yake. Na angalia mtego mmoja, boksi linasema rangi ya muda lakini ndani kuna chupa mbili za kuchanganya, hiyo inatumia peroksaidi kidogo na mara nyingi PPD au PTD ipo, inawekwa kundi la juu.

Nguvu: haing'arishi, mvi inazifunika nusu nusu, na inaondoka kwa kuoshwa mara kadhaa, isipokuwa hina, hiyo inabaki. Ndo udhaifu wake na ndo usalama wake kwa nywele zenye rilaksa.

Test: bado ipo kwenye karatasi, fanya. Aleji kwa hizi ni chache lakini zipo.

Inamfaa nani: mwenye rilaksa mpya, mwenye mvi chache, anayejaribu rangi.

Sasa mfano kamili uone vinavyokutana. Anakuja dada ana rilaksa, ritachi ya mwisho wiki 9 zilizopita, mvi mbele, anataka ritachi na nyeusi siku hiyo hiyo kwa sababu ana shughuli. Siku ya kwanza namkagua kichwa, nafanya test ya unywele ya rilaksa na namuuliza kuhusu hina nyeusi. Siku ya tatu, kama ngozi imetulia, namwekea rilaksa ya maild au regula kwenye nywele mpya tu, siyo juu ya zile za zamani. Rangi ya kudumu namwambia wiki mbili mbele. Siku mbili kabla ya hiyo rangi anarudi kupakwa test nyuma ya sikio. Kama niliipaka siku ile ya kwanza na nikaitegemea, itakuwa na wiki mbili tayari, na hiyo haihesabiki tena. Siku ya rangi natumia volyumu 10, au 20 kama mvi ni ngumu, pale penye mvi. Kama shughuli yake ni wiki hii, anapata rilaksa na rangi isiyo na developa kwa hapo mbele, na hapo test ya hiyo rangi naipaka siku ile ya kwanza. Vyote naandika kwenye daftari: tarehe, jina la bidhaa, namba ya bechi, matokeo.

Shelfu yenyewe, kwa hali yako:

Kama uko peke yako na una uzoefu, laini moja ya lai kwa maild na regula, supa chache sana, seti mbili tatu za bila lai kwa wanaowashwa, na laini moja tu ya rangi. Brandi nyingi ni karatasi nyingi na dakika nyingi za kukumbuka.

Kama wasusi wako wanajifunza, anza na seti za bila lai, nyutralaiza ya povu la pinki, shampuu ya madini na saa ya kengele. Lai ije baadaye mkono ukishakuwa mwepesi.

Kama wateja wako wengi ni wa mvi, weka rangi ya PTD au ME+ kama ya kwanza kumpendekezea mteja mpya, ya PPD kwa wanaoizoea na wanaotesti, developa 10 na 20 basi.

Kama wateja wako hawakubali kurudi kwa ajili ya test hata uongee vipi, usinunue rangi ya kudumu kabisa kwa sasa. Weka zisizo na developa, na wale wachache watakaokubali waagizie tyubu moja moja, watesti kwa hiyo hiyo, na wapakwe wakishapita zile saa 48.